Barua ya Nafasi za Atachimenti: Idadi, Muda na Msimamizi

Kila ifikapo mwisho wa Aprili meza yangu hujaa barua za vyuo, na lango letu hujaa vijana wenye bahasha mkononi. Msimu uliopita malalamiko yalizidi. Wazazi wanasema nafasi za mafunzo ya nyanjani zinatolewa kwa kujuana, vyuo vinasema tunawarudisha wanafunzi bila sababu. Mimi ndiye afisa ninayeshughulikia nafasi hizi katika taasisi ya umma hapa Mombasa, na karibu kila mgogoro uliofika kwangu chanzo chake kilikuwa barua: ama iliandikwa nusunusu, ama haikuandikwa kabisa. Ninayoizungumzia ni barua ambayo sisi tunamwandikia mkuu wa chuo kabla ya mwanafunzi hata mmoja kupita langoni.

Wengi hawajui kwamba barua hiyo ipo. Mama mmoja wa Mikindani aliniuliza kwa uchungu, "Afisa, mwanangu ana barua yenye muhuri wa chuo, mbona askari amemrudisha?" Nilimweleza na ninaeleza tena: barua ya chuo ni ombi. Muhuri unathibitisha kwamba kijana ni mwanafunzi wao, lakini hauthibitishi kwamba huku kuna fundi aliyetengewa kumfundisha. Nafasi inapatikana pale taasisi inapokijibu chuo kwa maandishi, chuo kikatia saini nakala ya majibu na kuirudisha. Mwanafunzi anayetembeza barua iliyoandikwa "kwa yeyote anayehusika" kutoka Shimanzi hadi Changamwe anafanya kazi ambayo ofisi ya chuo ilipaswa kuifanya miezi miwili kabla.

Msongamano wa Mei una sababu yake. Vyuo vya kiufundi vina mihula mitatu, Januari hadi Aprili, Mei hadi Agosti na Septemba hadi Desemba, na muhula wa kati unagongana na likizo ndefu ya vyuo vikuu vingi. Basi kila mtu anataka Mei. Fundi ni yule yule, ngazi ni ile ile, gari ni lile lile.

Nichukue kitengo kimoja tu, cha majokofu na viyoyozi. Chuo kimoja kilituomba tupokee wanafunzi 30 wa stashahada kuanzia Mei. Kitengo kina mafundi 5. Katika siku yoyote ya kazi, mmoja yuko likizoni au anapumzika baada ya zamu, na mwingine yuko zamu ya usiku, ambako hatupeleki mwanafunzi. Wanabaki 3. Kila fundi tunampa wanafunzi 2. Chuo kiliuliza kwa nini wasiwe 4 au 5, nasi tukawaalika waje waone. Fundi akiwa juu ya ngazi akifungua mashine ya nje ya kiyoyozi, mwanafunzi mmoja anashika ngazi na kumpa vifaa, wa pili anasoma geji na kuandika. Wa tatu hana pa kusimama ila pembeni, na akisimama pembeni wiki 12 ataondoka akiwa na cheti cha kusimama. Tatu mara mbili ni 6, na hiyo ndiyo idadi yetu kwa awamu moja. Mtu akitaka kujua kama taasisi imekubali wanafunzi kupita uwezo wake, aangalie saa nne asubuhi: wakiwa wanapika chai, wanapanga faili na kutumwa dukani, hesabu hii haikufanywa.

Barua tuliyomwandikia mkuu wa chuo hicho, sehemu yake kuu ilisema hivi:

"Tumepokea ombi lenu la nafasi 30 za mafunzo ya nyanjani katika fani ya majokofu na viyoyozi. Uwezo wetu ni wanafunzi 6 kwa wakati mmoja. Tunapendekeza awamu tatu za wiki 12 kila moja: kuanzia Mei, Septemba na Januari, jumla wanafunzi 18. Wanafunzi 12 waliosalia hatutaweza kuwapokea katika kipindi hiki, nasi tunawaarifu mapema ili muwatafutie kwingine. Tafadhali tuleteeni majina ya awamu ya kwanza, nakala ya bima ya ajali yenye majina hayo, na jina la mhadhiri atakayewatembelea pamoja na tarehe zake mbili."

Sentensi kuhusu wale 12 ndiyo iliyozua simu nyingi kuliko zote. Wengine walituona hatuna utu. Mimi naona ukatili ni kunyamaza, chuo kikadhani wote 30 wamepokewa, kisha vijana 12 wakajua ukweli Jumatatu ya kwanza wakiwa langoni na nauli imekwisha.

Kuhusu muda, wiki 12 kwetu ni siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku, yaani saa 480. Siku za mapumziko ya kitaifa hazihesabiwi. Awamu ya Mei ina Madaraka tarehe 1 Juni, na ikiwa Sikukuu ya Leba, tarehe 1 Mei, imeangukia siku ya kwanza ya kazi, nayo inatolewa. Saa hizo mwanafunzi huzifidia mwishoni mwa awamu. Hapo ndipo bima inapoingia, na hapa naomba maafisa wa vyuo wasome polepole. Bima ya ajali ya kikundi ambayo chuo kinawakatia wanafunzi ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vyuo vingi huikata ikaisha siku ile ile awamu inapoisha. Mwanafunzi akiugua katika wiki ya 11, akataka kufidia siku zake, bima imekwisha na sisi hatumruhusu kushika kifaa. Awamu iliyopita kijana mmoja alikaa nyumbani akisubiri chuo kiongeze bima kwa ajili ya siku chache tu. Ndiyo maana sasa barua yetu inataka bima ivuke mwisho wa awamu kwa siku 14.

Wapo wanaotuambia tusijisumbue, kwa kuwa ipo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Sheria hiyo inamlinda mfanyakazi anayelipwa kwa mkataba wa ajira, na inamtaja pia mwanagenzi. Mwanafunzi wa atachimenti hana mshahara kwetu wala mkataba wa ajira. Sitaki mawakili waanze kubishana yeye ni nani huku yeye amelala wodini na mguu umevunjika. Bima yenye jina lake inamaliza ubishi.

Usimamizi una watu wawili, na barua lazima iwataje wote kwa majina na nambari za simu. Wa kwanza ni msimamizi wa kazini, yule fundi anayekuwa naye kila siku na anayesaini daftari la kazi kila Ijumaa. Wa pili ni mhadhiri kutoka chuoni, ambaye anakuja mara mbili: kati ya wiki ya nne na ya tano, kisha wiki ya kumi. Ziara ya kwanza ni ya kurekebisha mambo, kwa hiyo ikifanyika wiki ya tisa haina faida tena. Na mhadhiri anapaswa kumwona mwanafunzi akiwa kazini. Kusaini madaftari sita ofisini kwangu, kunywa maji na kurudi garini, hiyo hatuihesabu kuwa ziara.

Daftari ndilo linaloonyesha kama usimamizi ulikuwepo. Nimefungua madaftari yaliyoandikwa "nilimsaidia fundi kutengeneza kiyoyozi" siku kumi mfululizo. Hapo najua mawili: mwanafunzi anaandika usiku wa kuamkia ukaguzi, na fundi anasaini bila kusoma. Linganisha na ukurasa huu wa mwanafunzi wa awamu iliyopita: "Kiyoyozi cha stoo hakipoozi. Gesi ni R-22. Geji ya upande wa chini inasoma psi 40, fundi anasema hapa ingekuwa karibu 65 hadi 70. Bomba jembamba limeshika barafu. Tulipaka maji ya sabuni, povu likatoka kwenye nati ya mashine ya nje, shaba imeliwa na chumvi. Fundi alikata bomba na kutengeneza ncha upya. Mimi nilisoma geji. Kutoa hewa kwa pampu nimeona tu, bado sijafanya mwenyewe." Sentensi ya mwisho inamwambia msimamizi kazi ya wiki ijayo, na inamwambia mhadhiri nini cha kuuliza. Hewa ya bahari yetu hula shaba na alumini haraka, na mwanafunzi huyu amelielewa hilo kwa mkono wake.

Adhabu zimo kwenye barua, na chuo kikitia saini kimezikubali. Mwanafunzi asiyefika bila taarifa huandikwa siku hiyo hiyo. Akikosa siku tatu mfululizo, chuo kinaarifiwa kwa maandishi. Akifikisha tano, nafasi inasimamishwa na anapewa siku tatu za kazi kujieleza kwa barua. Asipojieleza, au maelezo yasiporidhisha, nafasi inafutwa na haihamishiwi kwa mwenzake katikati ya awamu. Wiki ambayo daftari halikusainiwa haihesabiki, na msimamizi haruhusiwi kusaini wiki tatu kwa mpigo. Anayevua viatu vya usalama au kofia eneo la kazi anaondolewa kwa siku hiyo. Akirudia, awamu yake imeisha. Tafadhali msinipigie simu kuomba "umsamehe tu, ni mtoto". Waya wenye umeme hauulizi umri.

Chuo nacho kina adhabu yake. Mhadhiri asipofika ziara zote mbili, awamu inayofuata tunakipunguzia chuo hicho nafasi kwa nusu, kutoka 6 hadi 3. Tumeshafanya hivyo, na hatukufurahi.

Kuhusu fedha: hatulipi mshahara wala posho, na barua inasema hivyo waziwazi ili mzazi apange nauli na chakula cha mchana mapema. Ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi ambao mwajiri hulipia kila mfanyakazi si mfuko wa posho ya wanafunzi, ingawa nimesikia hoja hiyo mara nyingi. Na nafasi haiuzwi. Anayekuomba pesa ya "kuharakisha barua", awe ndani ya taasisi au nje yake, mripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, kisha utuarifu. Orodha ya waliopewa nafasi inabandikwa kwenye ubao wa langoni, pamoja na jina la chuo na tarehe ya kuanza.

Ombi la awamu ya Septemba litufikie kabla ya mwisho wa Juni, na la Januari kabla ya mwisho wa Oktoba. Liandikwe na ofisi ya chuo, litaje fani, idadi na kiwango cha masomo, na lieleze mwanafunzi amekwisha fundishwa nini. Hilo la mwisho vyuo husahau kuliko yote, nasi hulihitaji ili tujue fundi aanzie wapi siku ya kwanza.