Kwa Wajaluo, Otieno si jina la ukoo

“Otieno na Atieno si ni ukoo mmoja? Wataoanaje?”

Wanaweza kuoana. Majina hayo yanaeleza saa ya kuzaliwa: wote wawili walizaliwa usiku, na herufi ya mwanzo inatofautisha tu mvulana na msichana. Aliyezaliwa alfajiri ni Omondi, jua likiwaka mchana ni Ochieng, na mvua ikinyesha ni Okoth. Kwa hiyo tumbo moja linaweza kuzaa Omondi, Akoth na Otieno, huku Otieno wa kijiji cha pili akiwa hana nasaba nao kabisa.

Mtoto akizaliwa usiku wa mvua, wazazi huchagua: Otieno au Okoth. Mapacha wana majina yao, Opiyo aliyetangulia na Odongo aliyefuata; atakayezaliwa baada yao ni Okello.

Mkanganyiko, naona, umeletwa zaidi na vyeti. Binti aliyezaliwa mchana anaandikwa Achieng Otieno, na hapo Otieno ni jina la baba yake. Halisemi lolote kuhusu saa aliyozaliwa yeye. Wengine hurithishwa jina la marehemu. Anayetaka kujua ukoo kabla ya posa aulize dhoot, yaani ukoo kwa Kijaluo.