Maneno ya Tangazo la Kazi Hayafichwi kwa Wino Mweupe

Wiki hii nimefungua tena wasifu ambao chini ya ukurasa wa mwisho umebandikwa tangazo zima la kazi kwa maandishi meupe, kwa sababu mwombaji aliambiwa kwamba kompyuta huhesabu maneno na kumtupa nje asiyefikisha idadi. Imani hii imeniudhi vya kutosha, nami naona inawagharimu watu wenye sifa za kweli.

Mifumo ya kompyuta ya kupokea maombi ya kazi, kama Workday, Taleo na Greenhouse, husoma faili, huligeuza kuwa maandishi matupu, kisha hujaribu kuyagawa katika majina, elimu, vyeti na kazi zilizopita. Mara nyingi kinachomwondoa mtu papo hapo ni maswali ya mchujo kwenye fomu, kwa mfano kama ana cheti fulani au kibali cha kufanya kazi nchini. Wengine hubaki ndani ya mfumo, na hapo afisa ajira huwatafuta kwa maneno. Rangi ya wino haifiki huko: maandishi meupe yanapogeuzwa kuwa maandishi matupu, husomeka sawasawa na mengine, na afisa huliona tangazo lake mwenyewe limebandikwa mkiani. Kuanzia hapo hata yale ya kweli yaliyo juu yake hutiliwa shaka.

Chukua tangazo la shirika lisilo la kiserikali la Dodoma linalotafuta mhasibu. Limeandikwa kwa Kiingereza, nalo linataka mtu mwenye CPA aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, anayejua programu ya QuickBooks, usuluhishi wa hesabu za benki na ripoti za wafadhili. Afisa mwenye maombi mengi mezani huenda akaandika hivi:

```
"bank reconciliation" AND QuickBooks AND (donor OR grant) AND CPA
```

Mwombaji aliyezifanya kazi hizo zote kwa miaka mitano, lakini akaandika tu kwamba alishughulikia masuala yote ya fedha, hatatokea kwenye orodha hiyo. Mfumo haukumkataa, hakuna aliyemwona, kwa kuwa hakuyataja mambo kwa majina yake.

Maneno ya kuchukua, basi, ni yale yanayotaja kitu kinachoweza kuthibitishwa: programu, cheti, kanuni za uhasibu, aina ya ripoti, hasa yaliyo kwenye sehemu ya sifa za lazima na yanayorudiwa katika majukumu. Uchapakazi, uadilifu na moyo wa kushirikiana yaache, hata kama tangazo limeyataja mara tatu, kwa maana sijawahi kumwona afisa akiyatafuta.

Jambo ninalotaka lieleweke zaidi ya yote ni mahali pa kuyaweka. Wengi huyapanga kama orodha ya ujuzi juu ya ukurasa na kuishia hapo. Orodha hiyo inatosha kukufanya uonekane kwenye utafutaji, lakini msomaji akishafika anashuka moja kwa moja kwenye kazi zako kuangalia neno lile ulilifanyia kazi wapi. Mhasibu wetu aandike, chini ya mwajiri wake wa mwisho, kwamba kila mwezi alifanya `bank reconciliation` ya akaunti nne kwa QuickBooks, akazifunga kabla ya tarehe 5, na kwamba `donor report` ya robo mwaka ilitokana na hesabu hizo. Sentensi hiyo moja imebeba maneno matatu ya tangazo, na mkuu wa fedha atakayeisoma atajua amuulize nini kwenye usaili. Neno likiwa kwenye orodha na likarudi mara moja ndani ya kazi, limetosha.

Vifupisho viandikwe kwa namna zote mbili, yaani `Certified Public Accountant` pamoja na `CPA(T)`, kwa sababu baadhi ya mifumo hulinganisha herufi kama zilivyo, na mingine hutambua visawe. Hapa vitabu vya ushauri wa kutafuta kazi huzungumza kwa uhakika ambao mimi sina: programu ileile huwekwa tofauti na kila mwajiri, wengine wakiiacha iwapange waombaji kwa alama na wengine wakisoma wasifu mmoja mmoja, na mwombaji hana namna ya kujua.

Ninasitasita pia kuhusu aliyefanya kazi kama msaidizi. Kama alikuwa akilinganisha taarifa ya benki na daftari huku mwingine akiidhinisha, neno la tangazo ni lake, mradi aseme wazi kwamba aliandaa na hakuidhinisha. Aliyewahi kuiona tu kazi hiyo ikifanywa asilitumie neno hilo.

Kabla ya kutuma, fungua PDF yako, bonyeza `Ctrl+A` kisha `Ctrl+C`, na ubandike kwenye Notepad. Wasifu uliopigwa picha kwa skana hautatoa neno lolote. Uliopangwa kwa safu mbili unaweza kuchanganya mistari, tarehe za kazi zikaangukia kwenye elimu, na `bank` ikatengana na `reconciliation`. Ukiona hivyo, panga upya kwa safu moja, ondoa majedwali, na urudie jaribio hilo mpaka kila kazi isomeke pamoja na tarehe zake.