Eti gorofa refu ndio la kwanza kudondoka?

Tangu lile tetemeko la Julai 2007 kule Gelai, karibu na Ziwa Natron, lililosikika hadi Nairobi, huku Arusha bado kuna watu wanakwambia mi gorofa ya nane sipangi, ardhi ikicheza tu limekwisha.

Wanasema jengo imara haliyumbi. Linayumba bana, na linatakiwa liyumbe. Mainjinia wengi kwenye upepo wanaruhusu kilele kisogee kama urefu gawanya kwa 500, yaani jengo la mita 100 linaenda sentimita 20 hivi. Jengo la Taipei 101 kule Taiwan wametundika juu tufe la chuma la tani 660 linalovuta kinyume na myumbo, na kazi yake kubwa ni watu wa juu wasisikie kichefuchefu.

Wanasema pia refu zaidi ndio hatari zaidi. Hapa ndo pa kuangalia Mexico City, 1985. Tetemeko lilianzia pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, ila sehemu ya mji imekaa juu ya tope la ziwa la zamani na hilo tope likawa linatikisika kwa mwendo wa kwenda na kurudi kila sekunde 2. Sasa kila jengo nalo lina mwendo wake, yaani sekunde linazotumia kwenda na kurudi mara moja, kwa kukadiria haraka gawanya idadi ya gorofa kwa 10, la gorofa 12 ni kama sekunde 1.2, likianza kupasuka linalegea na mwendo unazidi kuwa wa polepole, unasogelea zile sekunde 2, na hapo ni kama kusukuma mtoto kwenye bembea kila akirudi, anazidi kwenda juu tu. Yaliyoumia zaidi yalikuwa ya gorofa 6 hadi 15 hivi. Torre Latinoamericana, jengo la hapo hapo mjini lenye gorofa 44, lililomalizika 1956, lilibaki limesimama kwa sababu mwendo wake ni wa polepole zaidi na msingi wake ulishuka hadi tabaka gumu chini ya tope la juu.

Kwa hiyo gorofa zetu za urefu wa kati hapa mjini ndo za kuulizia, hasa zile chini fremu za maduka wazi mbele, juu vyumba vyenye kuta kila upande. Huko juu kumekaza, chini ni nguzo tupu, myumbo wote unaishia kwenye hizo nguzo.

Na fundi akikwambia nondo nene zinatosha, we muulize ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo. Nguzo ikisukumwa zege la nje linabanduka, na kama ncha za ringi zimekunjwa nyuzi 90 tu zinafunguka, nondo zinapinda, nguzo inakatika. Ncha zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani ya nguzo, na ringi zikaribiane zaidi pale juu na chini nguzo inapokutana na bimu. Ila nenda saiti kabla hawajamwaga zege, maana wakishamwaga huoni kitu.