Kadi ya "maji" haina umoja wa kuandikwa nyuma

"Maji yanaanza kwa ma- kama macho na meno. Nyuma ya kadi ya kujifunzia msamiati niandike umoja gani?"

Usiandike wowote. Jicho na jino yako katika ngeli ya LI-YA, hivyo kadi zake zinahitaji jozi: jino limeng'oka, meno yameng'oka. Maji yako YA-YA. Hayahesabiki, ila upatanisho wake hubaki ule wa ya-.

Kosa linalosikika sana Nairobi ni "maji imeisha" na "maji mingi". Kwa hiyo nyuma ya kadi andika sentensi yenye kitenzi na kivumishi: "Maji mengi yamemwagika." Chini yake andika kosa, ulikate kwa mstari mwekundu. Ongeza kipimo, kwa sababu kinachohesabika ni chombo: "Mitungi miwili ya maji imejaa." Hapo kitenzi kimefuata mitungi, na ndipo wanafunzi wengi huteleza.

Maziwa yanataka kadi mbili. Ya kunywa hayana umoja. Yale kama Naivasha na Nakuru umoja wake ni ziwa. Mbele ya kila kadi weka sentensi yenye pengo: "Maziwa ___mechacha." Neno likiwa peke yake, mwanafunzi hawezi kujua anaulizwa lipi.