Upele, vipele na lawama ya mitumba

Wiki iliyopita nilikuwa dirishani pa duka la dawa nyuma ya mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Alisema, "Nipe dawa ya upele wa mitumba," na muuzaji akamkabidhi chupa bila kuuliza chochote, kana kwamba ugonjwa wenye jina hilo upo. Nimelisikia jina hilo mara nyingi mno, na sasa limenichosha.

Upele ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na mdudu wa jamii moja na kupe, mwenye miguu minane, mdogo kiasi kwamba jike halifiki nusu milimita. Jike hilo hutoboa tabaka la juu kabisa la ngozi, huchimba humo kijia chembamba na kutaga mayai mawili au matatu kila siku. Mwasho wenyewe, ambao huzidi usiku, hutokana na mwili kumkataa mdudu pamoja na mayai na kinyesi chake.

Neno lenyewe ni la kale, na si la Waswahili peke yao. Wanyarwanda husema ubuheri, Wachewa wa Malawi husema mphere, na mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa lugha ili asikie kwamba haya na upele ni ndugu wa tumbo moja. Wazee waliotuachia neno hili walikuwa na ugonjwa mmoja akilini, ule unaomfanya mtu ajikune mpaka achubuke. Ndiyo maana tunasema upele humwota asiye na kucha, na watangazaji wa mpira wa Kenya hawachoki kutuambia kwamba upele umepata mkunaji. Kipele ni jambo jingine. Kiambishi ki- kimelidogosha neno na kulipunguzia uzito, hata likabaki kutaja uvimbe wowote mdogo juu ya ngozi, uwe wa joto, wa kuumwa na mbu au wa sabuni isiyokupatana. Kwa hiyo kila mwenye upele huota vipele, lakini wenye vipele wengi hawana upele. Mwenye harara hana upele, wala mwenye ukurutu hana, na dawa ya upele ikipakwa juu ya ukurutu huuchoma na kuuzidisha.

Je, mitumba inaingiaje hapa? Mdudu wa upele anaishi kwa joto na unyevu wa mwili wa binadamu. Akiachwa kwenye nguo hufa kwa kawaida ndani ya siku mbili au tatu, na kabla ya kufa hulegea asiweze tena kutoboa ngozi. Robota la nguo kutoka Ulaya hukaa melini kwa wiki kadhaa kabla ya kufika Mombasa au Dar es Salaam, hivyo mdudu wa mwenye nguo wa kwanza hawezi kufika nalo akiwa hai. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Kenneth Mellanby aliwalaza watu wa kujitolea katika mablanketi yaliyokuwa yametoka tu kutumiwa na wagonjwa wa upele, yakiwa hayajafuliwa, na walioambukizwa walikuwa wachache mno. Upele husafiri hasa ngozi kwa ngozi, kwa kugusana kwa muda: watoto wanaolala godoro moja, mama na mtoto anayenyonya, mume na mke. Isipokuwa kwa mgonjwa wa upele wa magamba, ambaye hubeba wadudu maelfu kwa maelfu ilhali mgonjwa wa kawaida hubeba kumi au kumi na tano, nguo ni njia nyembamba sana.

Kinachowapoteza watu ni kalenda. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki nne hadi sita, kwa sababu mwili huchukua muda huo kumtambua mdudu, na wakati wote huo anaweza kuwaambukiza wengine bila yeye mwenyewe kujikuna. Jirani yangu alimnunulia bintiye wa miaka sita sweta la mtumba Jumamosi moja katikati ya Mei, na Jumanne mtoto akaanza kujikuna. Sweta likachomwa moto. Hakuna aliyemkumbuka kaka yake, aliyerudi kutoka bweni mwanzoni mwa Aprili akijikuna katikati ya vidole, akalala na mdogo wake siku kumi, kisha akarudi shule. Hesabu kutoka Aprili hadi Mei inaangukia palepale. Mtoto alipakwa dawa peke yake, akapata nafuu, na baada ya wiki tatu mwasho ukarudi. Safari hii mama alikuwa nao viganjani na kiunoni, na kichanga kilikuwa na malengelenge kwenye nyayo. Mimi nilimwonyesha mama vijia vile, vistari vya kijivu visivyofika sentimita moja, kwenye ngozi laini kati ya kidole na kidole, naye akanyamaza.

Kilichowaponya ni kupakwa wote usiku mmoja, wasiojikuna wakiwemo, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, na kurudia baada ya wiki moja. Watu wazima walipewa losheni ya benzili benzoati ya asilimia 25, ile inayoandikwa BBE kwenye chupa, na kichanga kikapimiwa dawa yake zahanati, maana losheni hiyo isiyozimuliwa humbabua mtoto mdogo. Mwasho uliendelea kwa wiki mbili baada ya hapo, jambo la kawaida, kwa kuwa mizoga ya wadudu hubaki ngozini hadi ngozi ijibanduke yenyewe.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa kupakwa dawa ndipo nguo zilipofuliwa, na hapa pia kuna mazoea mabaya. Sabuni na maji baridi hutoa uchafu lakini hazimwui mdudu. Kinachomwua ni joto la nyuzi 50 au zaidi kwa dakika kumi. Pasipo kipimajoto, changanya sufuria mbili za maji yaliyochemka na moja ya maji ya bomba katika beseni, zamisha nguo kwa kijiti, funika, ziache nusu saa, kisha ufue kama kawaida. Usirundike nyingi kwa mara moja, kwa sababu nguo baridi huyapooza maji upesi. Zinazohitaji kufuliwa hivyo ni nguo, shuka na taulo zilizotumika siku tatu zilizopita. Zilizokaa kabatini tangu mwezi jana hazina mdudu. Sweta la sufu au blanketi lisilostahimili maji ya moto lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa siku saba, litolewe na kuanikwa. Hakukuwa na haja ya kuchoma sweta lile.

Nguo ya mtumba bado inastahili kufuliwa kabla ya kuvaliwa, kwa sababu vumbi, rangi na dawa zilizobaki humo huwasha ngozi za watu wengi. Basi mama yule wa dukani, kama mwanawe aliwashwa pale tu alipovaa nguo mpya na pale tu ilipomgusa, angesema vipele vya mitumba, nami nisingekuwa na neno. Upele, mama, huo huulizwa kwa aliyelala naye.