Canter ya viazi: itafika nusu ya bei lini?

Mteja wangu mmoja hapa Uyole ana Canter ya kubebea viazi. Aliinunua kwa milioni 40, na baada ya miaka miwili dalali akamwambia sokoni inaenda milioni 28. Yeye alishapanga kuiuza ikifika milioni 20. Akaniambia, "Dada, hii wala haihitaji mhasibu. Imepoteza asilimia 30 kwa miaka miwili, yaani 15 kwa mwaka, milioni sita. Miaka mitatu na miezi minne nauza."

Nikamwomba aijaribu hiyo 15 yake. Milioni 40 ukitoa asilimia 15 inabaki 34. Mwaka wa pili asilimia 15 haitolewi tena kwenye 40, inatolewa kwenye 34, na inabaki 28.9. Dalali alisema 28. Laki tisa zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye kugawa kwa mbili. Uchakavu wa asilimia unazidishana, haujumlishwi:

```
V = P(1 - r)^n
```

P ni bei ya kununulia, r ni kiwango cha uchakavu, n ni miaka. Kwa hiyo 28 gawanya kwa 40 ni 0.7, na kipeuo chake cha pili ni 0.83666. Kila mwaka gari linabaki na asilimia 83.67 ya thamani yake na kupoteza 16.33. Mwaka wa tatu linafika 23.4, wa nne 19.6. Milioni 20 imo katikati, na hapo ndipo tunapohitaji logi. Kwenye Excel andika:

```
=LOG(20/40)/LOG(0.83666)
```

Jibu ni 3.89, yaani miaka mitatu na miezi kumi na nusu hivi. Wengi hukosea kwa kuweka 0.1633, ile iliyopotea, badala ya iliyobaki. Ukiona Excel inakwambia gari litafika nusu ya bei ndani ya miezi minne na nusu, ujue umefanya hivyo.

Hesabu hii isichanganywe na ya TRA. Kwa kodi, gari la mizigo lisilofika tani 7 linachakaa kwa asilimia 37.5, kwa hiyo vitabuni Canter hiyo ilishashuka hadi 15,625,000 wakati dalali anataja 28. Na kiwango cha sokoni nacho kinadumu gari likitunzwa vilevile. Injini ikifa ukipandisha Kitonga na mzigo, fomula haina habari.

Mteja alinuna kidogo, maana ile miaka mitatu na miezi minne aliipangia msimu. Nikamwonyesha kwamba kwa tarehe yake gari litakuwa bado na thamani ya milioni 22. Akacheka: "Basi tarehe ibaki, tubadilishe bei."