Shangazi alidhani yuko BRELA

Shangazi yangu anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mwezi uliopita aliamua kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili wa biashara na leseni. Akashika simu, akaandika Google "brela kusajili jina la biashara", akagusa la kwanza lililotokea, akajaza fomu na kutuma 85,000. Cheti kilikuja, halali kabisa. Ila jirani yake wa kizimba alisajili mwenyewe, akalipa ada ya serikali peke yake, tena kidogo sana ukilinganisha na hiyo. Ndipo nikapigiwa simu: "Mwanangu, BRELA wameniibia."

Nikamwomba anitumie linki ya ule ukurasa aliojazia fomu. Alipoituma nilikuwa nimeshapata jibu kabla sijaifungua. Mimi kazi yangu ni kuwawekea watu matangazo ya Google hapa mjini: wenye nyumba za wageni, wauza injini za boti, mafundi wa friji. Nikiiona linki iliyopita kwenye tangazo naitambua. Ilikuwa na umbo hili, jina la tovuti nimelibadilisha:

```
https://example.com/brela/sajili?gclid=EAIaIQobChMI
```

Hiyo `gclid` ni alama ambayo Google huibandika kwenye anwani mtu anapobofya tangazo, ili mwenye tangazo ajue mteja amemfikia kwa njia ya kulipia. Shangazi hakufika BRELA. Alifika kwa wakala anayesaidia watu kusajili na kutoza gharama yake juu ya ada, na wakala huyo alikuwa amelipia kukaa pale juu.

Ukurasa wa matokeo una vitu viwili vilivyopangwa pamoja vikafanana kama mapacha. Kuna matokeo ya kawaida, ambayo Google huyapanga yenyewe kwa kupima ni ukurasa gani unajibu vizuri ulichouliza. Nafasi hizo haziuzwi, na kuweka matangazo hakumpandishi mtu huko. Halafu kuna matangazo, mara nyingi hadi manne juu kabisa, na mengine yanaweza kujificha chini ya ukurasa. Kwenye simu ndogo kama ya shangazi, matangazo mawili tu yanatosha kujaza kioo kizima. Mtu ambaye hajatelezesha kidole hajaona tokeo la kawaida hata moja.

Kinachoyatenganisha ni neno moja. Simu ikiwa kwa Kiingereza, utasoma "Sponsored" juu ya tangazo, au "Sponsored results" juu ya kundi zima la matangazo. Zamani mambo yalikuwa rahisi zaidi, maana matangazo yaliwekewa rangi ya nyuma, ukayaona ungali mbali. Mwaka 2013 rangi ile ikaondolewa, kikaja kibandiko cha njano chenye neno "Ad", baadaye kikawa cha kijani, kisha maandishi meusi matupu. "Sponsored" ilianza 2022. Mimi ninayeishi kwa matangazo nakiri kwamba kila badiliko lilizidi kuyafananisha na matokeo ya kawaida, na sidhani kama hilo lilitusikitisha sana sisi wa kazi hii.

Ukiwa na shaka, gusa vitone vitatu vilivyo pembeni ya tokeo. Kwenye tangazo litafunguka dirisha la "My Ad Center", na humo utakuta jina la aliyelipia na nchi aliyopo. Kwenye tokeo la kawaida utapata "About this result", maelezo ya tovuti yenyewe. Shangazi angevigusa vitone vile angekuta jina la kampuni asiyoijua, wala si la wakala wa serikali.

"Lakini iliandikwa BRELA!" Ni kweli, iliandikwa. Tatizo ni nani aliyeandika. Kichwa cha tangazo hutungwa na mwenye tangazo, kila kipande kisizidi herufi 30. Hata anwani inayoonekana pale juu ina sehemu ya kutunga. Jina la tovuti lenyewe, yaani lile la kabla ya mkwaju wa kwanza, alama ya `/`, ukiacha ile miwili ya `https://`, lazima liwe la kweli. Lakini maneno mawili yanayofuata baada ya mkwaju tunaandika tunachotaka, hata kama ukurasa wa namna hiyo haupo. Kwa hiyo `example.com/brela/sajili` inakwambia jambo moja tu la uhakika, kwamba unakwenda `example.com`. Tovuti ya BRELA inaishia na `brela.go.tz`, na `.go.tz` hutolewa kwa taasisi za serikali ya Tanzania. Soma mpaka mkwaju wa kwanza, kisha simama.

Shangazi akauliza swali la mfanyabiashara: huyo wakala analipa kiasi gani kukaa pale? Nikamwambia ni mnada, ila si kama wa samaki pale mwaloni ambapo mwenye dau kubwa hubeba. Tuseme wakala wa kwanza yuko tayari kutoa shilingi 600 kila anapobofywa, lakini tangazo lake ni la hovyo na ukurasa wake hauhusiani sana na ulichotafuta, kwa hiyo anapewa ubora wa 3. Wa pili anatoa 400, ubora wake 6. Zidisha: wa kwanza ana 1,800, wa pili ana 2,400. Wa pili anakaa juu. Na halipi 400 zote. Analipa kiasi kinachotosha kumpita mwenzake, yaani 1,800 gawanya kwa 6, kama shilingi 300 na kidogo. Hesabu halisi ina vitu vingi zaidi na hurudiwa kila mtu anapotafuta, ndiyo maana wewe na jirani yako mnaweza kuona matangazo tofauti kwa maneno yale yale.

Zingatia kwamba BRELA hawamo kwenye huo mnada. Taasisi isiyotangaza kwa kawaida hukaa chini ya matangazo ya juu, hata iwe ndiyo yenye jibu.

Niongeze tahadhari mbili. Kwanza, kukosekana kwa `gclid` si uthibitisho kwamba hukupitia tangazo. Baadhi ya simu hutumia alama nyingine kama `gbraid`, vivinjari vingine huzifuta, na mwenye tangazo anaweza kuizima. Ikiwepo ni dalili nzito. Isipokuwepo, rudi kwenye neno "Sponsored". Pili, tangazo si lazima liwe utapeli, na tokeo la kawaida si lazima liwe la mtu mwema. Yule wakala alifanya kazi aliyoahidi. Shangazi alinunua huduma ya kujaziwa fomu bila kujua ananunua.

Jioni nilipita nyumbani kwake Kitangiri tukatafuta upya pamoja. Matangazo matatu, kisha `brela.go.tz` chini yake. Akanyoosha kidole kwenye lile la juu, wakala wake yule yule.

"Kwa hiyo nikimgusa hapa, analipa?"

"Analipa, shangazi."

Ilibidi nimnyang'anye simu. Google huwa inazitambua bofya za kujirudia na kuacha kuzitoza, nilimweleza hivyo, lakini sura yake ilionyesha bado anapiga hesabu ya 85,000 gawanya kwa 300.